Barua ya Mhadhiri kwa Ombi la Ufadhili wa Uzamivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uzamili wanaofanya utafiti wa bahari pwani ya Bagamoyo, kuanzia Mbegani hadi Mlingotini, na pia na wahadhiri vijana walioombwa kwa mara ya kwanza kuwa wadhamini. Ili majibu yasielee, nimeyafunga kwenye mfano mmoja: binti aliyefanya tasnifu ya uzamili kuhusu kilimo cha mwani, ambaye sasa anaomba ufadhili wa uzamivu. Binti huyo nimemtunga, lakini uwezo na upungufu wake ni wa aina ninayokutana nayo kila msimu wa maombi.

Jopo lina nakala za matokeo, wasifu na andiko la utafiti. Barua yangu inaongeza nini?

Inaongeza kile ambacho mwombaji hawezi kujisemea na cheti hakisemi: anafanya nini utafiti unapogoma. Alama A katika somo la mbinu za utafiti inaonyesha kwamba alijibu mtihani vizuri. Haionyeshi alivyofanya siku kamba zake za mwani zilipokatwa na mawimbi katikati ya jaribio. Wewe ulikuwepo, au angalau ulipigiwa simu usiku huo.

Ndiyo maana barua inayorudia alama na tuzo inakuwa karatasi ya bure. Mjumbe wa jopo ameshaziona kurasa mbili nyuma. Anachotafuta kwako ni ushahidi wa mtu aliyesimama karibu.

Nani aniandikie: msimamizi wangu, au mkuu wa kitivo mwenye jina kubwa?

Msimamizi wako. Kama wanataka barua mbili, ya pili itoke kwa mtu mwingine aliyeiona kazi yako ikifanyika: msimamizi wa pili, mkuu wa maabara, au mtafiti uliyemsaidia kukusanya data. Mkubwa asiyekujua ataandika sentensi za heshima tupu, na jopo litaelewa mara moja kwamba hakujui. Cheo chake hakiwezi kuziba pengo hilo.

Nimpe mhadhiri wangu nini, na lini?

Mpe wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya mwisho. Mpelekee andiko la uzamivu hata kama halijakamilika, tasnifu yako pamoja na maoni ya watahini, tangazo la ufadhili lenye vigezo vyao, na ukurasa mmoja unaomkumbusha mambo mliyofanya pamoja. Ukurasa huo usiujaze sifa. Andika matukio: "Mwalimu, unakumbuka tulipogundua vipimajoto viwili havisomi sawa, nikavirudisha kuvilinganisha kwenye ndoo moja ya maji?" Mhadhiri mwenye wanafunzi kumi na tano hukumbuka sura yako kabla hajakumbuka data yako, na huo ukurasa ndio unaomrudishia data.

Uwezo wa kitafiti unaandikwaje ili usionekane ni sifa za kawaida tu?

Tumchukue binti wa mwani. Swali lake lilikuwa hili: je, mwani aina ya kotonii hukua vizuri zaidi ukipandwa kwenye maji ya kina, kwa kamba zinazoelea, kuliko kwenye maji mafupi kwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi? Si swali la kubuni. Maji mafupi hupata joto sana jua likiwa kali na bahari ikiwa imetoka. Kotonii ikielemewa matawi huwa meupe, hulegea na kukatika, ndiyo sababu wakulima wengi wameiacha na kubaki na spinosamu ambayo huvumilia zaidi lakini bei yake ni ya chini.

Mhadhiri wa haraka angeandika: "Ni mtafiti makini na mwenye bidii." Sentensi hiyo ingemfaa mwombaji yeyote wa fani yoyote, kwa hiyo haimsaidii huyu.

Sasa tazama alichofanya shambani. Kila bamvu, maji yalipotoka vya kutosha kulifikia shamba, alipima miche iliyokuwepo kwenye kamba na pia akaandika iliyokosekana. Kwa kila mche uliopotea alikagua kifundo na kipande kilichobaki. Kikiwa cheupe na laini, aliandika ugonjwa. Kikiwa kimetafunwatafunwa na bado kina rangi, aliandika samaki, maana tasi hupenda sana mwani mchanga. Kifundo kikiwa kitupu na kamba imesagika, aliandika mawimbi.

Kwa nini hili ni kubwa? Kwa sababu ukipima miche iliyosalia peke yake, shamba linaloua miche dhaifu litaonekana lina ukuaji mzuri. Wagonjwa wamekwisha kudondoka, umebaki na wazima. Wanafunzi wengi hawalioni hilo mpaka mtahini awaulize. Huyu aliliona kabla ya kuanza, baada ya mama mmoja mkulima kumwambia, "Mwanangu, usihesabu uliovuna tu, hesabu na bahari ilichochukua." Akaenda kutengeneza safu mpya kwenye daftari lake.

Barua basi iseme hivi (barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili):

"Kabla ya kupanda, aliongeza kwenye fomu yake ya shambani sehemu ya miche iliyopotea na sababu ya kupotea, akitofautisha ugonjwa, samaki na mawimbi. Kwa hiyo aliweza kuonyesha kwamba sehemu ya tofauti ya ukuaji kati ya maji mafupi na maji ya kina ilifichwa na kufa kwa miche dhaifu. Wazo hilo halikutoka kwangu. Mimi nililisikia kwake."

Sentensi ya mwisho ni fupi lakini ina uzito wa pekee. Jopo linataka kujua wazo lilitoka kwa nani, maana katika tasnifu ya uzamili mawazo mengi hutoka kwa msimamizi. Kama lilikuwa lako, liache kwenye barua yako mwenyewe ya kupandishwa cheo.

Niorodheshe uwezo wa aina ngapi?

Mmoja ulioelezwa mpaka msomaji auone, na wa pili kwa kifupi. Ukifika wa tano, wa kwanza umeshasahaulika.

Kwa nini niandike upungufu wake? Si nitamwangusha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na hofu yake naielewa. Kwetu mtu akikuomba umsemee halafu ukataja mapungufu yake, inaonekana umemchongea. Lakini fomu nyingi za wafadhili zina sehemu inayouliza waziwazi mwombaji anahitaji kukua wapi. Ukiiacha tupu, au ukaandika "hana upungufu wowote" au "anafanya kazi kupita kiasi", umeliambia jopo mambo mawili: ama humjui vizuri, ama unaficha. Kuanzia hapo hata sifa ulizoandika juu zinapungua thamani.

Isitoshe, uzamivu ni mafunzo. Mfadhili anatoa fedha ili mtu afike mahali ambapo hajafika. Barua inayoonyesha kwa usahihi amefika wapi inawasaidia waone fedha yao itafanya kazi gani.

Upungufu unaosaidia una sehemu nne: ni kitu gani hasa, ulikigunduaje, mwombaji alifanya nini alipoelezwa, na kinagusa wapi katika andiko la uzamivu. Sehemu ya tatu ikikosekana, umeandika lawama. Ya nne ikikosekana, jopo litajaza lenyewe, na mara nyingi litajaza vibaya.

Tuonyeshe upungufu mmoja ulioandikwa hivyo.

Turudi kwenye kamba. Binti alikuwa na kamba 3 kwenye maji mafupi na kamba 3 kwenye maji ya kina, kila kamba na miche 20 ya kupimwa. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na miche 60. Katika rasimu ya kwanza alilinganisha miche 60 na miche 60, programu ikampa jibu zuri sana: tofauti ni ya hakika kabisa.

Jibu hilo halikuwa sahihi. Miche 20 iliyo kwenye kamba moja hupigwa na mkondo uleule, hupata mwanga uleule, na kundi la tasi likifika linaitafuna yote kwa pamoja. Ukijua hali ya mche mmoja, umeshajua nusu ya habari ya jirani zake. Kina cha maji hakikugawiwa kwa mche, kiligawiwa kwa kamba. Kwa swali la kina, basi, alikuwa na vipimo 3 dhidi ya 3, si 60 dhidi ya 60. Wanaikolojia wameonywa kuhusu kosa hili tangu miaka ya 1980, na bado ninalikuta kwenye rasimu mwaka hadi mwaka.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Tazama jedwali la uchambuzi: kama idadi ya vipimo vinavyojitegemea inalingana na idadi ya miche, wakati tiba ilitolewa kwa kamba, uchambuzi umekosea. Katika programu ya R namna mojawapo ya kurekebisha ni kuieleza kamba kama kundi:

```
library(lme4)
m <- lmer(ukuaji ~ kina + (1 | kamba), data = mwani)
```

Alipoelezwa, alirudia uchambuzi. Tofauti ilibaki upande uleule, ukuaji ukiwa mkubwa zaidi kwenye maji ya kina, lakini uhakika wake ulipungua sana. Akafuta kwenye ikisiri sentensi iliyosema "imethibitika", akaandika kwamba matokeo yanaelekea huko na kwamba kamba zilikuwa chache. Hakubishana na wala hakuficha.

Barua yangu ingesema:

"Katika rasimu ya kwanza alihesabu miche ya kamba moja kama vipimo vinavyojitegemea. Nilipomwonyesha, alirudia uchambuzi wote na kupunguza madai yake, ingawa matokeo mapya hayakuvutia kama ya awali. Sasa anaimudu modeli yenye ngazi mbili, yaani mche ndani ya kamba. Bado hawezi peke yake kujenga modeli yenye ngazi zaidi, na andiko lake la uzamivu linazo: kamba ndani ya shamba, shamba ndani ya kijiji. Napendekeza asome kozi ya takwimu ya aina hii katika mwaka wa kwanza, kabla hajapanda kamba ya kwanza, na awe na mtakwimu katika kamati yake ya usimamizi."

Angalia barua ilivyofanya kazi. Imetaja kosa la kweli, ikaonyesha uaminifu wake mbele ya matokeo yaliyomuumiza, ikachora mpaka wa uwezo wake wa leo, kisha ikampa mfadhili hatua ya kuchukua. Mjumbe wa jopo anayejua takwimu ataamini kila kitu kingine ulichoandika.

Kufanya utafiti msimu mmoja tu ni upungufu wa mwanafunzi?

Hapana, huo ni mpaka wa kazi, na usichanganywe na upungufu wa mtu. Binti alipanda wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa sababu kalenda ya uzamili ilimpa miezi hiyo. Wakati wa kusi upepo, mawimbi na joto la maji hubadilika, kwa hiyo tasnifu yake haiwezi kusema lolote kuhusu mwaka mzima. Andika hivyo kwa sentensi moja, na ongeza kama mwenyewe aliutambua mpaka huo katika sura yake ya mwisho. Kama aliutambua, hiyo ni hoja upande wake. Kama alidai matokeo ya mwaka mzima kwa data ya kaskazi peke yake, hapo sasa ni upungufu wa mtu: anadai kupita ushahidi.

Aina ya tatu ni ukosefu wa vifaa. Andiko lake la uzamivu linataka kutambua bakteria waliomo kwenye matawi yanayogeuka meupe, naye hajawahi kutoa DNA kwenye sampuli hata moja kwa sababu alikosoma hakukuwa na maabara hiyo. Sema hivyo wazi, kwa maneno hayo. "Ana uelewa wa baiolojia ya molekuli" ni sentensi itakayomwaibisha kwenye usaili akiulizwa alitumia njia gani kutoa DNA.

Na hapa kuna jambo la kufanya kabla ya kuandika barua. Kama sura tatu kati ya nne za andiko zinategemea ujuzi ambao hajawahi kuugusa, mwite mkae. Mshauri apunguze, sura ya bakteria iwe moja, afanye kwenye maabara ya chuo kitakachompokea. Barua haiwezi kuliokoa andiko lisilotekelezeka.

Upungufu gani hautajwi kabisa?

Ugonjwa, ujauzito, ndoa, watoto, msiba, hali ya fedha nyumbani, dini, na tabia isiyohusu kazi. Hata ukiwa na nia njema. "Alifanya vizuri ingawa alikuwa ananyonyesha" inaonekana kama sifa, lakini inampa mjumbe mmoja sababu ya kujiuliza kama atahimili miaka mitatu. Kama mwombaji mwenyewe anataka jambo la aina hiyo litajwe kueleza pengo la mwaka mmoja kwenye masomo, aliandike yeye kwenye maelezo yake, au akupe ruhusa pamoja na maneno anayoyaridhia.

Fomu inataka nimweke kwenye asilimia: 5 bora, 10 bora, 25 bora. Nifanyeje?

Sema kwanza unamlinganisha na nani. "Katika wanafunzi wa uzamili niliowasimamia, yeye ndiye bora katika kupanga kazi ya shambani, katika takwimu yuko katikati." Kumweka mtu juu kwenye kila safu kunagundulika kirahisi, hasa kama aya zako zinasema jingine. Wahadhiri wengi huweka alama ya juu kwenye visanduku vyote kwa huruma, halafu maneno yao wenyewe yanawasuta.

Mhadhiri wangu ameniambia niandike mwenyewe, yeye ataweka saini. Nikubali?

Mwombe kwa adabu badala yake umletee ule ukurasa wa matukio. "Mwalimu, nitakuandalia kumbukumbu zote ili usipoteze muda, ila maneno naomba yawe yako." Wengi hukubali, maana tatizo lao ni muda tu. Barua uliyojiandikia hujulikana: mtindo unafanana na wa maelezo yako binafsi, na upungufu wake ni ule usiouma. Tena wafadhili wengi hutaka barua itoke moja kwa moja kwa mdhamini, na kujiandikia kunaweza kukufutia ombi.

Je, mwombaji aione barua?

Fuata masharti ya mfadhili. Pale inapotakiwa iwe siri, iwe siri. Lakini upungufu utakaouandika usiwe habari mpya kwake. Mwambie ana kwa ana, kabla: "Nitataja suala la ngazi za data, na nitasema ulivyolirekebisha." Hiyo inatimiza usiri bila kumvizia. Nami nina msimamo mkali hapa: mhadhiri asiyeweza kumwambia mwanafunzi upungufu wake usoni hana haki ya kuuandika kwa siri.

Urefu na muundo?

Kurasa moja na nusu hadi mbili, karatasi yenye nembo ya chuo, tarehe, cheo chako, umemjua tangu lini na kwa nafasi gani. Tumia barua pepe ya chuo. Ya binafsi huzua mashaka. Kiungo cha kupakia barua mara nyingi huangukia kwenye folda ya barua taka, kwa hiyo mwombaji akukumbushe wiki moja kabla, na wewe usisubiri saa za mwisho ambapo umeme au mtandao unaweza kukukatikia.

Nikatae lini kuandika?

Unapojua kwamba barua ya kweli itamdhuru. Kwa mfano, mtu aliyejaza vipimo vya siku ambazo hakwenda shambani. Huo si upungufu wa kuwekewa kozi mwaka wa kwanza. Mwambie mapema kwamba huwezi kumsemea, umpe nafasi ya kutafuta mwingine, wala usimwachie barua vuguvugu yenye mafumbo.

Jopo litamuuliza mwombaji kuhusu upungufu nilioutaja?

Mara nyingi, ndiyo, na aliyeandaliwa hunufaika. Kwa binti wetu jibu lipo tayari katika muundo wa utafiti mpya. Badala ya kamba 3 zenye miche 20, atatumia kamba 12 zenye miche 5 kila upande. Miche ya kupima inabaki 60, saa za kupima bamvu likiingia zinabaki karibu zilezile, ila vipimo vinavyojitegemea vimepanda kutoka 3 hadi 12. Gharama inaongezeka kwenye kamba, maboya na vigingi, naye aijue ni kiasi gani kwa sababu swali linalofuata litakuwa la bajeti.

Ombi limekataliwa. Mwakani nitumie barua ileile?

Usiitumie ilivyo. Muulize amefanya nini tangu hapo, kisha uandike upya aya ya upungufu. Kama mwaka huu amesoma ile kozi ya takwimu, au amekaa mwezi mmoja kwenye maabara akatoa DNA kwa mikono yake, mpaka umesogea na barua iseme umesogea hadi wapi. Kama haujasogea, aya ibaki ilivyokuwa, na yeye aambiwe hivyo kabla hujaipakia.